Baada ya 258741 inakuja namba gani?

Chukua tarakimu sita: 1, 2, 4, 5, 7 na 8. Kila moja itumie mara moja tu, uunde namba. Ndogo kuliko zote itakuwa 124578, kubwa kuliko zote 875421, na ukizihesabu zote pamoja na hizo mbili unapata namba 720. Sasa tuseme uko kwenye 258741. Ni ipi inayoifuata? Haitafutwi namba yoyote iliyo kubwa zaidi, maana hizo ni tele. Inatafutwa ile ya kwanza kabisa utakayokutana nayo ukipanda kutoka hapo, kiasi kwamba kati ya hizo mbili hakuna nyingine iliyoundwa kwa tarakimu hizo hizo.

Swali hili wanaojifunza kuandika programu wanalifahamu. Katika tovuti ya mazoezi ya LeetCode ni swali namba 31, na hupenda kujitokeza kwenye usaili wa kazi. Hulisumbua kundi kubwa la watu, wengine wenye uzoefu wa miaka, kwa sababu jibu lake ni la mistari michache ambayo ukiikariri bila kuielewa, siku ya pili unachanganya alama moja na kila kitu kinaharibika.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuandika namba zote 720 kwenye orodha, kuzipanga kuanzia ndogo, kuitafuta 258741 kisha kutazama iliyo chini yake. Kwa vitu sita itafanya kazi. Kwa vitu 13 mipangilio inafika 6,227,020,800, na kila mpangilio ukichukua baiti 13 utahitaji zaidi ya gigabaiti 80 za kumbukumbu, yote hayo kwa ajili ya kutazama mstari mmoja. Tunachotaka ni kinyume chake: tuishike 258741 peke yake, tuisogeze tarakimu zake pale pale zilipo, na tukimaliza iwe imeshageuka kuwa ile inayofuata. Hakuna orodha, wala nakala ya pembeni.

Siri iko upande wa kulia. Tarakimu ya kushoto kabisa ina uzito mkubwa: ukiibadilisha 2 iwe 4 umeruka mamia elfu. Za kulia zina uzito mdogo. Kwa kuwa tunataka kupanda kwa kiasi kidogo kabisa, tunataka tarakimu za kushoto zibaki kama zilivyo kadiri inavyowezekana, na mabadiliko yafanyike mkiani. Kwa hiyo tunaanza mwisho na kuuliza: je, kipande hiki cha kulia kinaweza kuongezeka bila kugusa kilicho kushoto kwake?

Tazama tarakimu mbili za mwisho, 41. Ukizigeuza unapata 14, ambayo ni ndogo. Hapo hakuna nafasi ya kupanda. Ongeza moja, 741. Tarakimu 7, 4 na 1 haziwezi kuunda namba iliyo kubwa kuliko 741. Ongeza nyingine, 8741. Nayo imefika kileleni. Sababu ni moja katika hatua zote tatu: ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia tarakimu zinashuka, kubwa imetangulia na ndogo imefuata, na kipande kilichopangwa hivyo hakina mpangilio mwingine ulio mkubwa kukizidi. Mkia unaoshuka ni mkia uliokwisha.

Ongeza tena moja, 58741, na hali inabadilika. Sasa 5 imefuatiwa na 8 iliyo kubwa kuliko yenyewe. Kushuka kumekatika. Hii 5 ndiyo tarakimu ya kwanza, tukitoka kulia, ambayo ina kubwa zaidi nyuma yake, na kwa hiyo ndiyo ya kwanza inayoweza kupandishwa. Tuiite egemeo. Kilicho kushoto kwake, yaani 2, hakitaguswa. Kilicho kulia kwake, 8741, ndio mkia.

Egemeo lazima lipande, kwa sababu mkia wake umeshatumia mipangilio yake yote. Lipande kwa kiasi gani? Kidogo iwezekanavyo. Katika mkia kuna mbili zinazolizidi 5, nazo ni 8 na 7. Tunaitaka 7. Na hapa kule kushuka kwa mkia kunatulipa, maana hatuhitaji kulinganisha zote ili kujua ndogo kati ya zile kubwa. Tunatembea kutoka kulia: 1 haizidi 5, 4 haizidi 5, 7 inazidi. Tunasimama. Ya kwanza kukutana nayo ndiyo tunayoitaka.

Tunabadilishana 5 na 7, na namba inakuwa 278541.

Wengi huishia hapa. Namba imekuwa kubwa kuliko 258741, inaonekana sawa, na mtu anaondoka ameridhika. Lakini itazame vizuri: baada ya 27 zimebaki tarakimu 1, 4, 5 na 8, na zimekaa kwa mpangilio wa 8541, ambao ni mkubwa kuliko yote 24 inayowezekana. Tumeingia kwenye kundi la namba zinazoanza na 27 kupitia mlango wa nyuma, tukaziruka 23 zilizotangulia. Mita ya umbali kwenye gari haifanyi hivyo. Ikitoka 1999 gurudumu la maelfu linasogea hadi 2, na yale matatu ya kulia yanarudi sifuri, hayabaki kwenye 999. Vivyo hivyo hapa: egemeo likishapanda, mkia lazima urudi kwenye mpangilio wake mdogo kuliko yote, 1458. Jibu ni 271458.

Unaurudishaje? Mtu wa haraka atasema tuupange upya kuanzia ndogo. Itafanya kazi, ila ni kazi ya bure, kwa kuwa mkia tayari umepangwa, tatizo ni kwamba umetazama upande usiofaa. Hebu tuhakikishe, maana hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi hulipita juu juu. Kabla ya kubadilishana mkia ulikuwa 8, 7, 4, 1, unashuka. Tukatoa 7 na mahali pake tukaweka 5. Je, bado unashuka? Kushoto kwa 5 iko 8, ambayo ilikuwa kubwa kuliko 7, basi ni kubwa kuliko 5 pia. Kulia kwa 5 iko 4, ambayo muda mfupi uliopita tuliikataa kwa sababu haikuizidi 5. Kwa hiyo 5 imeingia kwenye nafasi inayomfaa kabisa, na mkia 8, 5, 4, 1 unashuka kama mwanzo. Kitu kinachoshuka ukikigeuza kinapanda. Badilishana 8 na 1 zilizo pembeni, kisha 5 na 4 zilizo ndani, na umemaliza.

Haya yote katika lugha ya Python ni hivi:

```python
def ufuatao(a):
    n = len(a)
    i = n - 2
    while i >= 0 and a[i] >= a[i + 1]:
        i -= 1
    if i < 0:
        return False
    j = n - 1
    while a[j] <= a[i]:
        j -= 1
    a[i], a[j] = a[j], a[i]
    k, m = i + 1, n - 1
    while k < m:
        a[k], a[m] = a[m], a[k]
        k, m = k + 1, m - 1
    return True
```

Hapa `i` ndiyo nafasi ya egemeo na `j` ni nafasi ya yule anayebadilishana nalo. Kitanzi cha mwisho ndicho kinachougeuza mkia. Kuna njia fupi ya kuugeuza kwa Python, kuandika `a[i+1:] = a[i+1:][::-1]`, na matokeo yatakuwa yale yale, ila kipande hicho hutengeneza nakala za mkia pembeni kabla ya kuurudisha. Anayekuuliza kwa makini kama umefanya kazi yako pale pale atakukamata hapo.

Sasa zile alama mbili za usawa, `>=` katika kitanzi cha kwanza na `<=` katika cha pili. Kama vitu vyote ni tofauti, unaweza kuandika `>` kwenye kitanzi cha kwanza na hakuna atakayegundua. Vikianza kujirudia ndipo mambo hujitokeza. Tumia herufi za neno KATA, ambalo lina A mbili, na uzipange kwa utaratibu wa kamusi. Mipangilio yake tofauti ni 12, kutoka AAKT hadi TKAA. Ukiwa kwenye KATA, tembea kutoka kulia: T na A zinashuka, halafu A imefuatiwa na T, basi hiyo A ya nafasi ya pili ndiyo egemeo. Kutoka kulia, A ya mwisho haiizidi A, inapitwa, T inaizidi. Badilishana, unapata KTAA, na mkia AA ukigeuzwa unabaki vilevile. Kutoka KTAA, A na A ni sawa, zinahesabiwa kuwa sehemu ya mkia, T na A zinashuka, na egemeo ni K. Inabadilishana na T, tunapata TKAA, mkia KAA unageuzwa, na tumefika TAAK. Hatua moja zaidi na tuko kwenye TAKA. Hakuna neno lililojirudia, hakuna lililorukwa.

Jaribu kulegeza alama ya kwanza, uandike `>` badala ya `>=`, kisha mpe orodha ya 2, 3, 3, 1. Programu itaziona zile 3 mbili, itasema kushuka kumekatika, na kuifanya 3 ya kwanza kuwa egemeo. Kisha inatafuta mkiani kitu kinachoizidi 3. Hakipo. Kitanzi cha pili kinaendelea kurudi kushoto, kinalipita egemeo lenyewe, kinaipita 2, na kutoka nje ya orodha. Katika lugha ya C++ hapo unasoma kumbukumbu isiyo yako, na lolote linaweza kutokea. Jibu sahihi lilikuwa 3, 1, 2, 3.

Ukilegeza alama ya pili, uandike `<` badala ya `<=`, kosa ni la kimyakimya zaidi. Mpe 1, 5, 1. Egemeo ni 1 ya kwanza, sawa. Lakini sasa programu inakubali kubadilishana na kitu kilicho sawa nalo, basi inachukua 1 ya mwisho. Zimebadilishana moja na moja, hakuna kilichotokea. Mkia 5, 1 unageuzwa, na unapata 1, 1, 5, ambayo ni ndogo kuliko ulikotoka! Ukiita tena unapewa 1, 5, 1. Ukiita tena, 1, 1, 5. Programu itazunguka kati ya hizo mbili hadi uizime, na 5, 1, 1 hutaiona kamwe. Ukikuta kazi ya aina hii haiishi, anza kwa kuchapisha mipangilio kumi ya mwanzo. Ikiwa kuna mahali inarudi nyuma, tazama alama ya kitanzi cha pili.

Kuna kosa jingine ambalo wa Python hulipata kuliko wengine. Orodha ikishafika kileleni, kama 3, 2, 1, hakuna egemeo, na `i` inaisha ikiwa -1. Ule mstari wa `if i < 0` upo kwa ajili ya hali hiyo. Ukiusahau, lugha nyingine zingeweza kulalamika, lakini kwa Python `a[-1]` ni kitu halali kabisa, ni kipengele cha mwisho. Kwa hiyo programu inaichukua 1 ya mwisho kuwa egemeo, inabadilishana na 2, orodha inakuwa 3, 1, 2, kisha inageuza yote kuanzia mwanzo na kukupa 2, 1, 3. Hakuna ujumbe wa kosa. Kutoka hapo inakwenda vizuri tu, 231, 312, 321, halafu tena 213. Mtu anaona mipangilio inabadilika, anadhani kazi inaendelea, kumbe anazungushwa katika minne ileile, na 123 na 132 haziji tena.

Unapofika mwisho, cha kufanya ni uamuzi wa anayeandika. Hapo juu nimechagua kurudisha `False` na kuiacha orodha ilivyo. Swali la LeetCode linataka orodha irudi mwanzo, kwenye mpangilio mdogo kuliko yote. Lugha ya C++ inafanya yote mawili: `std::next_permutation`, iliyomo kwenye `<algorithm>`, hurudisha `false` na papo hapo huipanga orodha upya kuanzia ndogo. Kwa kuwa orodha nzima sasa ni mkia unaoshuka, kuirudisha mwanzo ni kuigeuza tu. Wanaoitumia huwa na mtego wao: wanaanza na orodha ambayo haijapangwa. Ukianza na 2, 3, 1 na kuzunguka hadi upate `false`, utaona 231, 312 na 321, yaani mitatu kati ya sita. Lazima uipange kwanza kwa `std::sort`.

Mtu anaweza kuwa na wasiwasi kwamba kila hatua ni lazima kuitembea orodha nzima. Katika hali mbaya ni kweli, mkia unaweza kuwa mrefu kama orodha yenyewe. Lakini hilo ni nadra kuliko unavyodhani. Kama vitu ni tofauti, katika nusu ya mipangilio yote vile viwili vya mwisho vinapanda, na hapo kazi ni kuvibadilishana tu, mkia una kipengele kimoja. Mkia kuwa na vipengele vitatu au zaidi hutokea mara moja katika kila sita, vinne au zaidi mara moja katika 24. Ukijumlisha yote, wastani wa urefu wa mkia haufiki hata viwili, ni takriban 1.72, na hauongezeki kwa vile orodha ni ndefu. Ukipitia mipangilio yote ya vitu kumi, ambayo ni 3,628,800, mara 1,814,400 utakuwa umegusa vitu viwili tu vya mwisho.

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta kwa karne nyingi. Huhusishwa na Narayana Pandita, mwanahisabati wa India aliyeandika kitabu chake Ganita Kaumudi mwaka 1356. Donald Knuth ameiweka katika juzuu ya 4A ya kitabu chake kikubwa kuhusu programu, akaipa jina la Algorithm L, na ndivyo wengi wanavyoiita hadi leo.

Kitu kimoja ninachokipenda katika mbinu hii ni kwamba haikumbuki chochote. Haijui imepita mipangilio mingapi, haina orodha ya ilikotoka. Mpangilio uliopo mkononi unatosha kuujua unaofuata. Tuseme una dereva wa pikipiki anayetoka Kariakoo na mizigo ya wateja 12, na unataka kujaribu kila utaratibu wa kuwafikia ili upate safari fupi kuliko zote. Hiyo ni mipangilio 479,001,600. Umeme ukikatika katikati, unachohitaji kuwa umehifadhi ni mpangilio mmoja wa mwisho na njia bora uliyoipata hadi hapo. Umeme ukirudi, unaendelea pale ulipoachia.

Wateja 12 kompyuta ya kawaida itawamudu. Wateja 20 haitawamudu, na hapo hakuna ufundi wa kugeuza mkia utakaosaidia: mipangilio ni 2,432,902,008,176,640,000, na hata ukipitia bilioni moja kwa sekunde utahitaji miaka 77 hivi. Wanaopanga safari za namna hiyo hutumia njia nyingine kabisa, zinazokata makundi mazima ya mipangilio bila kuitazama. Algorithm L haiwezi kukata. Inapitia mmoja baada ya mwingine, na inafaa pale tu ambapo ni lazima, na inawezekana, kuiona yote.